Eabegi, mkanda na dereva mfupi: kwa nini kifua kisiwe karibu na usukani

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 34, nina urefu wa sentimita 148, naendesha Vitz automatiki ya 2006. Miguu haifiki vizuri kwenye breki kwa hiyo nimesogeza siti mbele mpaka mwisho na mgongoni naweka mto. Mkanda unanikata shingoni, hivyo huwa naupitisha chini ya kwapa. Fundi wangu kaniambia nisiwe na wasiwasi, eabegi ipo, mkanda ni kwa ajili ya trafiki tu. Ila kuna mtu kaniambia eabegi inaweza kuniua nikikaa karibu hivyo. Nani mkweli? Na kama ni kweli, si bora niizime tu?"

Dada yangu, aliyekuambia habari ya ukaribu ndo mkweli, na fundi wako kwenye hili kakosea sana, ila usiizime eabegi kwanza, tulia tuelewane manake ukishajua hii kitu inafanyaje kazi utaona mwenyewe pa kurekebisha na nyingi ya hizo marekebisho hazikugharimu hata shilingi.

Tuanze na hilo neno lililoandikwa hapo kwenye usukani wako, SRS. Hizo herufi maana yake ni mfumo wa nyongeza wa kumzuia mtu asirushwe. Nyongeza ya nini? Ya mkanda. Waliotengeneza gari walianza na mkanda, wakapiga hesabu mwili wako ukiwa umefungwa utafika wapi na kwa wakati gani, alafu ndo wakaweka eabegi ya kukupokea hapo. Ukiondoa mkanda eabegi inabaki inasubiri mtu kwenye sehemu na wakati ambao huyo mtu hatafika hivyo tena, atakuwa ameshafika mapema na kwa spidi. Tena eabegi ya mbele kwa kawaida inafunguka ajali ya mbele tu. Ukigongwa ubavuni, ukigongwa nyuma, gari ikibingirika, mara nyingi haifunguki kabisa na ikifunguka inapungua upepo ndani ya muda mfupi kuliko sekunde moja, kwa hiyo gari ikigonga kitu cha pili huna kitu mbele yako isipokuwa mkanda. Mkanda peke yake unapunguza uwezekano wa kufa kwa aliyekaa mbele kwa karibu asilimia 45.

Sasa twende kwenye ajali yenyewe, nataka tuitembee polepole. Tuseme Vitz yako iko spidi 50 inagonga ukuta wa zege uso kwa uso. Spidi 50 ni kama mita 14 kwa sekunde. Pua ya gari inajikunja karibu sentimita 60 na gari nzima inakuwa imesimama ndani ya kama milisekunde 90, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kupepesa jicho mara moja kunachukua muda zaidi ya huo.

Shida ni kwamba gari ndo inasimama, wewe hujasimama. Mwili wako unaendelea na mita zake 14 kwa sekunde mpaka kitu kiuzuie. Watu wengi wanafikiri watajizuia kwa mikono kwenye usukani, haiwezekani, kwa ajali hiyo mtu wa kilo 60 anakuwa anasukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja, mikono ya nani itabeba tani moja.

Kwenye milisekunde 15 hivi za mwanzo kompyuta ya eabegi, ambayo kwenye gari nyingi iko katikati chini ya dashibodi au karibu na gia, inakuwa imeshasoma sensa zake na kuamua kwamba hii ni ajali kweli sio shimo la barabarani. Inatuma umeme mdogo sehemu mbili karibu kwa pamoja. Umeme mmoja unakwenda kwenye mkanda, kuna kifaa kidogo chenye baruti ambacho kinauvuta mkanda kwa nguvu na kumaliza ule ulegevu wote uliopo kati ya mkanda na kifua chako, kwa gari nyingi za Kijapani za kuanzia miaka ya 2000 hicho kifaa kipo kwenye siti za mbele. Umeme mwingine unakwenda kwenye usukani, unawasha kemikali iliyomo kwenye kopo la chuma, kemikali inaungua na kutoa gesi, gesi inajaza mfuko wa lita 50 hadi 60 hivi. Kujaa kunachukua kama milisekunde 30. Ukijumlisha na zile 15 za kuamua unapata 45, hapo ndo mfuko umekamilika.

Kwenye hiyo milisekunde ya 45 wewe uko wapi? Nimepiga hesabu kwa ajali hiyohiyo. Asiyefunga mkanda anakuwa ameshasogea mbele karibu sentimita 16 kuelekea usukani na anazidi kuongeza spidi. Kama alikuwa amekaa sentimita 30 kutoka usukanini amebakiza 14. Kama alikaa sentimita 12, kama ambavyo nakisia umekaa wewe na huo mto mgongoni, basi kifua chake kimeshafika usukanini kabla ya milisekunde 40, yaani mfuko ulikuwa bado unatoka na yeye tayari ameshaulalia. Wahandisi wa zamani walikuwa na kanuni yao, kwamba mfuko uwe umejaa kabla mwili haujasogea inchi 5, kama sentimita 12 na nusu. Sasa mtu ambaye inchi 5 ndo nafasi yote aliyonayo tangu amekaa, kanuni hiyo haina cha kumsaidia.

Na huo ni ukuta wa zege, ajali ambayo kompyuta inaielewa haraka. Barabarani ajali nyingi sio hivyo. Gari inagonga nguzo, mti, inaingia kwa upande mmoja kwenye gari nyingine, mwanzo wa mgongano unakuwa laini kidogo kwa sababu ni bampa na mabati ndo yanajikunja, hivyo kompyuta inachelewa kuwa na uhakika, inaweza kufika milisekunde 40 au 50 ndo inaamua. Muda wote huo asiye na mkanda anateleza mbele. Na ongeza breki, manake karibu kila mtu akiona anagonga anakanyaga breki kwanza, na breki kali tu kabla ya kugonga inatosha kumtoa mtu kwenye kiti akasogea mbele kama hajafungwa. Kwa hiyo eabegi inakuja kuamka uso uko juu ya usukani kabisa.

Kwani eabegi si mto tu? Hapana dada, hapa ndo kuna uelewa mbovu kuliko pengine pote. Eabegi iliyojaa na kuanza kupunguza upepo, hiyo ni mto, ina matundu kwa nyuma na gesi inatoka taratibu ndo maana kichwa kinazama vizuri. Lakini eabegi inayofunguka ni kitu kingine, inatoka kwenye usukani kwa spidi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa kwa sababu haina njia nyingine ya kujaa kwa muda huo mfupi. Fikiria mtu anapiga mlango teke kutokea ndani: uliyesimama hatua mbili nyuma mlango unafunguka mbele yako na hakuna kitu, uliyeegemea mlango unakuja na wewe. Nguvu kubwa iko kwenye sentimita 5 mpaka 8 za mwanzo. Eneo hilo ndo hatari.

Na madhara yanakuja kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza, kifua kikiwa kimeziba kifuniko cha usukani, gesi inatengenezwa lakini mfuko hauna pa kwenda, presha inapanda, kifuniko kinapasuka na kusukuma moja kwa moja kwenye mfupa wa kifua, hapo mbavu zinavunjika na moyo na mapafu vinaumia. Ya pili inawahusu zaidi wafupi kama wewe, kidevu kinakuwa karibu na sehemu ya juu ya usukani, mfuko ukitoka unaingia chini ya kidevu na kutandaa usoni huku unazidi kujaa, unasukuma kichwa juu na nyuma wakati kiwiliwili bado kinakwenda mbele. Shingo ndo inabeba yote. Majeraha hayo ya shingo yanaua, na yanaweza kutokea hata kwenye ajali ndogo ambayo gari yenyewe inarudi barabarani baada ya wiki mbili gereji.

Hayo sio ya kufikirika. Marekani walipofanya hesabu zao waliona kati ya 1990 na 2008 zaidi ya watu 290 waliuawa na eabegi yenyewe kwenye ajali za spidi ndogo. Ila soma vizuri nani walikufa: zaidi ya asilimia 80 hawakuwa wamefunga mkanda au walifunga vibaya, na karibu asilimia 90 walikuwa kwenye gari zilizotengenezwa kabla ya 1998. Sababu ni kwamba zamani sheria ya Marekani iliwataka watengenezaji waonyeshe kuwa eabegi inaweza kumuokoa mwanaume wa wastani ambaye hajafunga mkanda kabisa, kwenye mgongano wa maili 30 kwa saa, kwa hiyo mifuko ikatengenezwa na nguvu nyingi mno, na waliolipia ni wanawake wafupi na watoto. Mwaka 1997 wakaruhusu nguvu ipunguzwe na vifo hivyo vikashuka sana. Vitz yako ya 2006 ni ya kizazi cha baadaye, hivyo hauko kwenye hatari ileile ya wale. Upo kwenye hatari ndogo zaidi, lakini fizikia ya sentimita chache za mwanzo haijabadilika.

Sasa umbali gani unafaa? Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inasema sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, pale penye nembo ya honi, mpaka kwenye mfupa wa kifua. Hesabu yake ni rahisi, hizo sentimita 5 hadi 8 za hatari zimewekewa akiba ya kutosha juu yake. Chukua rula ya mwanao ya shule ya sentimita 30, kaa kama unavyokaa ukiwa unaendesha kweli, usijikaze na kuvuta kifua nyuma kwa ajili ya kupima, weka mwanzo wa rula kwenye nembo ya honi usome inagusa kifua kwenye ngapi. Ni bora mtu mwingine akusomee. Na upime kutoka kifuani sio tumboni wala usoni.

Ukipata 25 au zaidi, umemaliza. Ukipata 20 au 22 na umefunga mkanda vizuri, nakuambia ukweli, bado eabegi inakusaidia kuliko inavyokutishia, usikose usingizi. Ukipata chini ya 15 hiyo lazima irekebishwe kabla ya safari ijayo.

Kitu cha kwanza kabisa, toa huo mto mgongoni. Najua umeuweka ili ufike, ila angalia unachofanya, kama mto una unene wa sentimita 8 basi umejinyima sentimita 8 za nafasi, na ni zilezile ambazo zingekutoa kwenye hatari. Mto unakupeleka wewe mzima kwenye usukani, mguu na kifua kwa pamoja, wakati tunachotaka ni mguu ufike na kifua kibaki nyuma.

Siti ikiwa imesogezwa mbele, cheza na mgongo wa siti. Watu wengi wafupi wanakaa wima kabisa kama mtu wa kwaya, ukilaza mgongo wa siti kidogo, sio kulala, kidogo tu, kifua kinarudi nyuma sentimita kadhaa na miguu inabaki palepale. Sentimita nyingi utazipata hapo. Ukiona sasa huoni barabara vizuri, tumia kile kishikio cha kuinua siti kama chako kipo, pandisha. Kupanda juu kunasaidia mara mbili, unaona mbele na pia kidevu kinatoka kwenye usawa wa usukani. Kama siti haiinuki tumia mto wa kukalia ulio mgumu, wa sponji iliyokandamizwa, unene wa sentimita 3 au 4, usiwe ule laini wa kochi kwa sababu laini ukibonyea kwenye ajali nyonga zinazama na mkanda wa chini unapanda tumboni. Na usiteleze, uwe umeshikizwa.

Alafu usukani. Kwenye Vitz nyingi unashuka na kupanda lakini hautoki mbele na nyuma. Ushushe hadi katikati yake ielekee kifuani kwako, isielekee usoni. Wafupi wengi wanaendesha usukani ukiwa juu bila kujua kwamba eabegi inalenga pale usukani unapotazama. Mikono shika kwenye namba 3 na namba 9 ukiangalia usukani kama uso wa saa, kule juu kwenye namba 10 na namba 2 mkono uko kwenye njia ya mfuko na unaweza kurushwa usoni kwako wenyewe. Ile tabia ya kukata kona mkono mmoja ukiwa umepita katikati juu ya honi ndo mbaya zaidi, inavunja mkono.

Hapo katikati ya usukani pasiwe na kitu. Sio stika ya chuma, sio nembo ya mawe ya kung'aa ya kupachika, wala kifuniko cha kushonea kinachoziba ile sehemu ya SRS. Chochote kilichobandikwa pale kinakuja usoni na mfuko.

Baada ya kufanya yote hayo pima tena. Kwa urefu wako nategemea utafika 20 na kitu. Kama breki bado haikanyagiki mpaka mwisho huku goti likiwa limekunjika kidogo, basi suluhisho la kweli ni viongezeo vya pedeli, vile vinavyofungwa juu ya breki na mafuta ili zikufuate wewe badala ya wewe kuzifuata. Hapa tafadhali usimpe fundi wa kuchomelea achomelee kipande cha bati. Kiongezeo kikilegea na kuangukia chini ya breki ukiwa barabarani hiyo ni hatari kubwa kuliko eabegi. Kifungwe na mtu anayeijua kazi, kwa bolti zinazobana, alafu ukiwa bado umeegesha kanyaga breki kwa nguvu zako zote mara nyingi uone kama kinacheza, na kila ukipanda gari kiguse kwa kiatu kabla hujawasha.

Mkanda sasa. Kupitisha chini ya kwapa acha kuanzia leo. Mkanda umekusudiwa kubeba mzigo kwenye mifupa migumu, mfupa wa bega na kifua kwa juu, mifupa ya nyonga kwa chini. Ukiupitisha kwapani ile tani tuliyoisema inashuka kwenye mbavu za chini ambazo ni nyembamba na nyuma yake kuna ini upande mmoja na bandama upande mwingine, viungo viwili vinavyovuja damu nyingi ndani bila wewe kuona kitu nje. Na sehemu ya juu ya mwili inakuwa haijazuiwa, inajikunja mbele moja kwa moja kwenye mfuko unaofunguka. Kwa hiyo una mkanda lakini kichwa kinasafiri kama huna.

Angalia kwenye nguzo ya mlango pale mkanda unapotokea begani, gari nyingi zina kitufe cha kushusha ile sehemu, shusha mpaka chini kabisa. Ukishainua siti utashangaa mkanda wenyewe umehama kutoka shingoni kuja begani, kwa sababu ulikuwa unakata shingo kwa vile wewe uko chini mno. Kugusa upande wa shingo kidogo kunaudhi ila sio hatari kama kupita kwapani. Vile vibanio vya plastiki vinavyouzwa vya kulegeza mkanda usitumie, vinarudisha ule ulegevu ambao baruti ya mkanda ina kazi ya kuumaliza. Mkanda wa chini ukae juu ya mapaja, chini ya tumbo, na ukipata ujauzito hivyohivyo, chini ya tumbo kabisa na wa juu upite katikati ya matiti, na kila mwezi tumbo likikua rudisha siti nyuma kadri mguu unavyoruhusu. Kifua kinapimwa kwa mfupa, lakini tumbo nalo lisiguse usukani.

Kuna jambo moja la mkanda na eabegi ambalo watu hawalijui. Kwenye gari nyingi za miaka ya karibuni kwenye kile kishikizo cha mkanda kuna swichi inayoiambia kompyuta kama umefunga. Ukiwa hujafunga, eabegi inaweza kuwekwa ifunguke kwenye mgongano mdogo wa kama spidi 16 hadi 19 dhidi ya ukuta, ukiwa umefunga inasubiri mpaka kama 26, kwa sababu chini ya hapo mkanda unatosha peke yake na hakuna haja ya kukupiga na mfuko. Sasa kuna vile vichuma vinauzwa mjini vya kuchomeka kwenye kishikizo ili ile kelele ya mkanda inyamaze. Ukichomeka kile umeidanganya kompyuta kwamba umefunga, itachelewa kukufungulia, na wewe hauna mkanda. Umejikosesha vyote viwili kwa bei ya kichuma.

Swali lako la kuzima. Marekani wanaruhusu watu wachache wenye sababu ya msingi wawekewe swichi, mmojawapo ni dereva ambaye amejaribu kila kitu na bado hafiki sentimita 25. Ila ni baada ya kujaribu kila kitu, na hata hivyo kwa wengi wao ushauri unabaki kwamba kusogea hata kidogo na kufunga mkanda ni bora kuliko kuzima. Kwa upande wako, ukizima, kwenye ule ukuta wa spidi 50 mkanda utakuzuia kifua lakini kichwa kitaendelea, na kwa ufupi wako na ukaribu wako usukani uko hapo hapo usoni. Kwa hiyo mtu mfupi aliyefunga mkanda ndo anaihitaji eabegi sana, anachotakiwa ni kuipa nafasi ya kufunguka. Na kule mtaani kuzima kwenyewe ni kuchomoa soketi ya waya wa njano chini ya usukani, kazi ambayo ikifanywa betri ikiwa imeunganishwa inaweza kuilipua eabegi mikononi mwa fundi. Usiruhusu.

Abiria wako wa mbele pia, kwa kifupi: mtoto asipakatwe mbele, na kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi, kichwa chake kinakuwa sentimita chache tu kutoka kwenye kifuniko. Watoto nyuma.

Sasa ya kwenda kumuona mtu ana kwa ana. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, angalia taa ya eabegi kwenye dashibodi, ile ya mtu na duara mbele yake. Inatakiwa iwake kwa sekunde kama 6 alafu izime. Ikibaki inawaka, mfumo umejizima wote au sehemu yake na pengine hata baruti ya mkanda haitafanya kazi, peleka kwa mwenye mashine ya kusoma mfumo wa eabegi. Ikiwa haiwaki kabisa hata hizo sekunde 6, hilo linanitia wasiwasi zaidi, manake mara nyingi kuna mtu ameondoa taa makusudi. Gari zetu zinakuja mitumba, nyingine zilishagonga huko zilikotoka au hapa hapa, eabegi ikafunguka, wakanunua kifuniko kipya cha usukani bila mfuko ndani na kufunga rezista ili kompyuta idhani mfuko upo. Dalili ni kifuniko chenye rangi tofauti kidogo na dashibodi, mpako usiolingana, kingo zisizokaa sawa, au mkanda wa mbele usiorudi vizuri ukiuachia. Kuthibitisha inabidi fundi mwenye ujuzi afungue aangalie kwa macho, mashine peke yake inaweza kudanganywa na ile rezista.

Na kwa kuwa gari yako ni ya 2006, mwambie wakala wa Toyota akuangalizie namba ya chesesi kama inahusika na zile eabegi za kampuni ya Takata zilizoitwa kurudishwa dunia nzima. Tatizo lake ni tofauti na yote niliyosema. Kemikali yake, ammonium nitrati, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ikiwashwa inaungua haraka kupita kiasi na kulipasua lile kopo la chuma, vipande vinaruka na kumpata dereva au abiria. Joto na unyevu ndo hali ya hewa ya Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa mwaka mzima, na gari ya zamani inakuwa imeshakaa huku miaka mingi. Hapo kusogea nyuma hakutakulinda, ni kubadilisha tu, na sehemu inayoitwa kurudishwa inabadilishwa kwa gharama ya mtengenezaji, ila uliza kwanza kama wakala wa kwenu anawahudumia wenye gari zilizoingia kwa mtu binafsi.

Eabegi ikishafunguka siku yoyote, ule moshi na unga mweupe ndani ya gari sio moto, unaweza kuwasha macho na kubana mwenye pumu, toka nje na nawa uso kwa maji. Lakini maumivu ya kifua, shingo, ganzi mikononi, kuona ukungu, au tumbo kuuma pale mkanda ulipopita, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unatembea, na uwaambie kwamba eabegi ilifunguka na ulikuwa umekaa umbali gani, wataangalia vitu ambavyo vinginevyo wasingeviangalia.

Pima na rula, alafu niandikie namba uliyopata bila mto na siti ikiwa imeinuliwa, nitakuambia kama viongezeo vya pedeli unavihitaji au la.